Kupima mwendokasi wa risasi kwa gogo linalobembea: kwa nini momenta hutangulia na nishati hufuata

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita. Katika swali la risasi inayonasa ndani ya gogo lililoning'inizwa, niliona njia fupi ni kusawazisha nishati mwendo ya risasi na nishati tuli ya gogo likiwa limepanda, kwa sababu nishati haipotei. Nimepata mwendokasi mdogo mno. Mwalimu wetu anasema ni lazima nianze na momenta ndipo niende kwenye nishati. Kwa nini nishati haifai mwanzoni halafu inafaa baadaye? Na kama momenta inafaa mwanzoni, kwa nini tusiende nayo mpaka juu?"

Marahaba. Sheria uliyoitegemea ni sahihi: nishati haipotei. Kilichokupoteza ni dhana uliyoiongeza bila kuiandika, kwamba nishati mwendo yote ya risasi iliendelea kuwa nishati mwendo baada ya risasi kunasa. Sehemu kubwa sana haikuendelea hivyo, na katika mfano nitakaoufanya hapa utaona kwamba kilichobaki ni kama sehemu moja kati ya mia tano. Nitaanza na hesabu yenyewe, kisha nitarudi kwenye sababu, kwa maana sababu inaeleweka vizuri zaidi mtu akiwa tayari ana tarakimu mbele yake.

Tuchukue risasi ya bunduki ndogo ya kulengea shabaha, yenye tungamo ya gramu 2.6, yaani kilo 0.0026. Gogo letu ni la mti laini, lina kilo 1.3, na limening'inizwa kwa kamba nne zenye urefu wa mita 1.5 kila moja, zilizofungwa kwenye pembe zake nne ili libembee likiwa limekaa mlalo muda wote bila kujigeuza. Risasi inafyatuliwa mlalo, inaingia katikati ya uso wa gogo na kubaki humo. Gogo linasogea, linapanda, linasimama kwa kitambo kidogo, kisha linaanza kurudi. Tuseme kwamba tulipima umbali wa mlalo kutoka mahali lilipokuwa limetulia hadi mahali liliposimama, tukapata sentimita 25.5.

Hesabu inafanywa kwa kurudi nyuma, kutoka mwisho wa tukio kwenda mwanzo wake. Kwanza tunatafuta gogo lilipanda kiasi gani. Kamba ni upande mrefu wa pembetatu mraba, umbali wa mlalo ni upande mmoja, na upande wa tatu ni umbali wa wima kutoka sehemu kamba zilipofungwa juu hadi usawa mpya wa gogo. Kwa hiyo:

h = L − √(L² − x²) = 1.5 − √(1.5² − 0.255²) = 0.0218 m

Gogo limepanda sentimita 2.2 tu. Katika kupanda huko, nishati mwendo ambayo gogo na risasi iliyomo ndani yake vilikuwa nayo mara tu baada ya mgongano imegeuka kuwa nishati tuli. Hapa ndipo uhifadhi wa nishati unapofanya kazi yake halali, na unatupa mwendokasi wa gogo lilipoanza safari:

V = √(2gh) = 0.6545 m/s

Sasa tunavuka mgongano wenyewe kwa kutumia momenta. Kabla ya mgongano, momenta yote ilikuwa ya risasi, mv. Baada yake ni ya gogo na risasi kwa pamoja, (M + m)V. Tukizisawazisha:

v = (M + m)V / m = (1.3026 ÷ 0.0026) × 0.6545 = 328 m/s

Jibu hilo ni la kawaida kabisa kwa risasi ya bunduki ndogo. Njia yako, kwa vipimo vilevile, inatoa √(2(M + m)gh ÷ m), yaani mita 14.6 kwa sekunde, ambazo ni kama kilomita 53 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari linalopita mtaani. Kipande cha metali cha gramu 2.6 chenye mwendo huo hakiwezi kuchimba mti na kunasa ndani; kitagonga uso wa gogo na kuanguka chini. Ni vizuri kujizoeza kulitazama jibu kwa jicho hilo kabla ya kuliamini, na nakupongeza kwa kushtuka ulipoliona.

Tuzitazame nishati zenyewe. Risasi ya mita 328 kwa sekunde ilikuwa na nishati mwendo ya karibu jouli 140. Gogo lilipoanza kubembea lilikuwa na jouli 0.28 tu. Karibu jouli 139.7 zimeondoka katika umbo la mwendo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Zimepasua nyuzi za mti, zimeibana na kuibonyeza risasi, zimezalisha joto katika risasi na katika mti uliozunguka tundu, na sehemu ndogo sana imeondoka kama sauti. Hakuna hata jouli moja iliyotoweka duniani, ila hazimo tena katika kitu kinachoweza kupandisha gogo juu. Mbembeo unapima kile kilichobaki kama mwendo wa gogo zima, wala hauna njia ya kujua chochote kuhusu joto lililobaki ndani ya tundu.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba katika mgongano wa kunasa nishati mwendo haihifadhiwi lakini momenta inahifadhiwa, wakaiandika sentensi hiyo daftarini kama amri. Swali la haki la kuuliza ni hili: ikiwa mti unaweza kuila nishati, kwa nini hauwezi kuila na momenta?

Jibu limo katika tofauti kati ya kani mara muda na kani mara umbali. Risasi inapochimba, mti unaikokota kwa nyuma kwa kani fulani, na risasi inausukuma mti mbele kwa kani iliyo sawa kabisa na hiyo. Hiyo ni sheria ya tatu ya Nyutoni, na haijali kama mti ni laini au mgumu, wala kama kuna joto linalozalishwa. Kani hizo mbili zinaanza pamoja na kukoma pamoja, hivyo muda wao ni mmoja. Mabadiliko ya momenta ni kani mara muda. Kani ni sawa, muda ni uleule, basi momenta inayoondoka kwenye risasi ni sawasawa na momenta inayoingia kwenye gogo. Hakuna pengo la kupotelea.

Nishati haifuati muda, inafuata umbali. Kazi inayofanywa na kani ni kani mara umbali ambao kitu kinachosukumwa kimesafiri, na hapa umbali haulingani hata kidogo. Tuseme risasi ilichimba sentimita 8, na tuchukulie, kwa urahisi wa hesabu, kwamba kani ilikuwa ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Wastani wa mwendo wa risasi kuelekea ndani ya mti ulikuwa nusu ya 328, yaani 164, hivyo uchimbaji ulichukua karibu sekunde 0.00049. Kani iliyohitajika kuisimamisha risasi kwa muda huo ni karibu nyutoni 1,740. Katika muda huohuo gogo, ambalo lilianza likiwa limetulia na kuishia na mita 0.65 kwa sekunde, lilisogea milimita 0.16 tu. Sasa zidisha. Kwa upande wa risasi, nyutoni 1,740 mara sentimita 8 ni karibu jouli 140 zilizotolewa. Kwa upande wa gogo, nyutoni 1,740 mara milimita 0.16 ni jouli 0.28 zilizopokelewa. Tarakimu hizo ni zilezile tulizozipata kwa njia nyingine, na sasa unaona zinatoka wapi: kani ni moja, lakini mtoaji alisafiri mara mia tano zaidi ya mpokeaji. Tofauti yote ndiyo iliyokwenda kupasua mti na kuzalisha joto.

Ukipenda kuiona kwa aljebra, andika nishati mwendo kwa kutumia momenta badala ya mwendokasi: E = p² ÷ 2m. Momenta p haibadiliki katika mgongano, lakini tungamo inayoibeba inapanda kutoka kilo 0.0026 hadi 1.3026, yaani mara 501. Kwa hiyo nishati inashuka mara 501. Sehemu inayobaki ni m ÷ (M + m), basi. Angalia kwamba katika usemi huo hakuna aina ya mti, hakuna kina cha tundu, hakuna umbo la risasi. Mti mgumu ungeisimamisha risasi kwa sentimita 4 na kani mara mbili, lakini kiasi cha nishati kinachogeuka joto na mpasuko kingekuwa kilekile. Kunasa kwenyewe, yaani sharti kwamba vitu viwili viishie na mwendo mmoja, ndiko kunakolazimisha upotevu huo.

Sehemu ya pili ya swali lako inauliza kwa nini momenta isitumike mpaka juu. Tazama gogo likiwa limefika kileleni: limesimama, momenta yake ni sifuri. Imekwenda wapi? Wakati wa kubembea kamba zimelala kwa pembe, hivyo zinalivuta gogo kurudi nyuma kwa upande wa mlalo. Mvuto huo unapitia kwenye kamba hadi kwenye boriti, ukutani na ardhini, na momenta inakwenda huko, katika Dunia ambayo hatuwezi kuona ikitikisika. Sisi tuliweka kwenye hesabu gogo na risasi tu, na mara kani ya nje inapopata muda wa kutosha kufanya kazi, momenta ya hivyo viwili peke yake haihifadhiwi tena.

Nishati kwa upande wake inaokolewa na jambo moja la kijiometri. Kamba inavuta kuelekea mahali ilipofungwa juu, na gogo linasafiri kwenye tao ambalo daima limekatiza mvuto huo kwa pembe mraba. Kani inayokatiza mwendo kwa pembe mraba haifanyi kazi yoyote, haiongezi wala kupunguza nishati. Inabaki graviti peke yake, ambayo inachukua nishati mwendo na kuiweka akiba kama nishati tuli bila kubakiza chochote. Upinzani wa hewa upo, lakini kwa gogo linalokwenda chini ya mita moja kwa sekunde ni mdogo, na unaweza kuukagua mwenyewe: lisukume gogo kwa mkono, liache libembee, na utazame upana wa mbembeo unapungua kiasi gani kila linapokwenda na kurudi. Sisi tunatumia robo tu ya mzunguko huo.

Utaniuliza, basi kamba hizo hazikuvuta wakati wa mgongano? Zilivuta, na hapa ndipo ufupi wa muda unapotusaidia. Gogo lilikuwa limesogea milimita 0.16 wakati risasi iliposimama, hivyo kamba za mita 1.5 zililala kwa kiasi cha moja kwa elfu tisa hivi. Uzito wa nyutoni 12.8 ukilala kiasi hicho unatoa mvuto wa mlalo wa nyutoni 0.0014, na kwa sekunde 0.00049 mvuto huo unaondoa momenta isiyofika sehemu moja ya milioni ya ile iliyoletwa na risasi. Kubembea hadi juu, kwa upande mwingine, kunachukua karibu sekunde 0.61, muda mrefu zaidi ya mara elfu moja. Ni kwa sababu ya tofauti hiyo ya muda ndipo tunaruhusiwa kuligawa tukio vipande viwili na kukipa kila kipande sheria yake. Kama risasi ingechimba polepole kiasi kwamba gogo limekwishapanda kabla haijasimama, mgawanyo huu usingekuwa halali, na hesabu yote ingehitaji kuandikwa upya.

Kuna jaribio moja la karatasi ambalo naliona lina nguvu kuliko maelezo yote, na ningependa ulifanye. Weka gogo lenye tungamo mara mbili, kilo 2.6, na ufyatue risasi ya aina ileile kwa bunduki ileile. Momenta inatabiri kwamba gogo litaanza na mita 0.3276 kwa sekunde na kusogea karibu sentimita 12.8. Ukichukua kipimo hicho na kukirudisha kwenye hesabu ya momenta utapata mita 328 kwa sekunde kama mwanzo. Ukikirudisha kwenye njia yako ya nishati utapata mita 10.4, ilhali kwa gogo la kwanza ulipata 14.6. Risasi ikiwa bado hewani haiwezi kujua ni gogo gani linaloisubiri. Njia inayotoa mwendokasi tofauti kwa kila gogo imejikana yenyewe, hata kama hatuna kifaa kingine cha kuipima nacho.

Nihamie kwenye vipimo, kwa sababu watu wengi hukwama hapo hata baada ya kuelewa sheria. Katika mfano wetu kimo ni sentimita 2.2. Ukikosea kwa milimita 2 katika kukisoma, umekosea kwa karibu asilimia 9, na kwa kuwa mwendokasi unatokana na kipeuo cha pili, jibu linapotoka kwa asilimia 4 hadi 5. Milimita 2 hizohizo katika umbali wa mlalo wa sentimita 25.5 hazifiki asilimia 1. Ndiyo maana tunapima mlalo na kukokotoa wima, hata kama vitabu vingi vinachora mshale wa h kana kwamba mtu alisimama pale na rula. Weka kigae kidogo cha karatasi ngumu mbele ya gogo, kwenye reli au juu ya meza, ili gogo likisukume na kukiacha pale lilipofika. Hakikisha tu kigae ni chepesi, na usiache gogo likikute kikiwa kimekwama.

Aliyekibuni kifaa hiki na kukieleza kwa ukamilifu, Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake kuhusu upigaji wa mizinga cha mwaka 1742, alitumia njia nzuri zaidi. Chini ya pendulamu yake alifunga utepe uliopita katikati ya vibano viwili vilivyoubana kidogo tu. Pendulamu ilipobembea ilivuta utepe, na iliporudi utepe ulibaki umelegea, hivyo urefu uliovutwa ulikuwa ni umbali ulionyooka kutoka chini hadi kilele cha mbembeo, yaani uzi wa tao. Uzuri wake unaonekana ukiita urefu huo c. Jiometri ya duara inatoa c² = 2Lh bila kukadiria chochote, na kwa hiyo:

V = c × √(g ÷ L)

Kipeuo cha pili kimetoweka upande wa kipimo. Urefu wa utepe unaenda sambamba na mwendokasi moja kwa moja: risasi yenye kasi mara mbili huvuta utepe mara mbili. Kwa kifaa hicho Robins alipata kwamba risasi za bunduki za wakati wake zilitoka kwa kasi ya zaidi ya futi 1,600 kwa sekunde, yaani karibu mita 500. Kabla yake watu walikadiria mwendo kutokana na umbali risasi ilikoangukia, na wengi walichukulia kwamba hewa haizuii chochote cha maana. Aliiweka pendulamu umbali mbalimbali kutoka kwenye mdomo wa bunduki, akaona jinsi mwendo unavyopungua njiani, na upinzani wa hewa ukajitokeza kuwa mkubwa kupita ilivyodhaniwa. Charles Hutton, huko Woolwich, aliendeleza kazi hiyo kwa mizinga na pendulamu nzito zaidi kabla ya karne ya 18 kwisha. Kutokana na hilo ukumbuke kwamba jibu la pendulamu ni mwendokasi wa risasi inapofika kwenye gogo, wala si ule iliotoka nao bundukini.

Kosa ambalo halionekani kirahisi ni la mizani. Tungamo ya risasi ipo chini ya mstari wa kugawanyia, na ni ndogo sana. Mizani inayosoma gramu 0.1 kwa 0.1 inaweza kukupa 2.5 au 2.7 badala ya 2.6, na jibu lako lote likasogea kwa asilimia 4 hata kama utepe na kamba vimepimwa kwa uangalifu mkubwa. Dawa yake ni kupima risasi 50 za boksi moja kwa pamoja na kugawanya. Na kila risasi inayonasa inaongeza tungamo ya gogo, kwa hiyo gogo lipimwe tena baada ya kila mfululizo wa mapigo.

Kisha kuna yale yanayovunja hesabu yenyewe. Risasi ikitoboa gogo na kutokea upande wa pili, imeondoka na sehemu ya momenta, na hesabu ya kunasa itatoa mwendo mdogo kuliko wa kweli. Tundu la nyuma litakuambia. Ikidunda na kurudi, ambako hutokea gogo likiwa gumu au likiwa limewekewa bamba la chuma mbele, gogo linapokea momenta zaidi ya ile iliyoletwa, na hesabu itatoa mwendo mkubwa kuliko wa kweli. Hilo ni hatari pia kwa aliyesimama nyuma ya bunduki. Risasi ikipiga pembeni, gogo litatikisika na kujizungusha kwenye kamba, na umbali utakaousoma utachanganyika na mzunguko huo badala ya kuwa wa gogo zima. Ukiona gogo linayumba kama mkia badala ya kwenda na kurudi kwa utulivu, futa kipimo hicho. Na ukiwa karibu mno na mdomo wa bunduki, moshi na gesi za baruti zitasukuma gogo nazo, hivyo fyatua mara moja bila risasi ili uone kama gogo linajongea. Shuleni, bila shaka, kazi hii hufanywa kwa gololi ya chuma inayofyatuliwa na springi na kunasa kwenye udongo wa mfinyanzi au kwenye kikombe maalumu, na hakuna kinachobadilika katika sheria.

Hata hivyo vifaa vingi vya maabara ya shule havina kamba nne. Vina fimbo moja ngumu iliyoshikiliwa na ekseli juu, na kikombe cha kunasia gololi chini. Hapo hesabu ya juu inaanza kukosea, na mwanafunzi makini hupata jibu lililo mbali kidogo na la kifaa cha mwanga kinachopima mwendo wa gololi moja kwa moja, bila kujua sababu. Sababu ni kwamba fimbo ngumu inaweza kusukuma ekseli kwa nguvu kubwa katika papo hapo pa mgongano, jambo ambalo kamba iliyolegea kwa upande haiwezi. Gololi ikipiga juu kidogo, ekseli inasukuma kwa upande mmoja. Ikipiga chini sana, inasukuma kwa upande mwingine. Momenta ya mlalo haihifadhiwi tena hata katika muda ule mfupi, isipokuwa pigo likitua mahali pamoja maalumu kwenye fimbo ambapo ekseli haihisi chochote.

Kinachohifadhiwa hapo ni momenta ya mzunguko kuzunguka ekseli, kwa sababu msukumo wa ekseli unapita kwenye ekseli yenyewe na hauna uwezo wa kugeuza kitu kuizunguka. Kama pigo limetua umbali d chini ya ekseli, basi mvd = Iω, ambapo ω ni kasi ya kugeuka mara baada ya pigo na I ni kipimo cha jinsi tungamo yote ilivyotawanyika kuzunguka ekseli. Huhitaji kuijua I kwa kukokotoa umbo la kifaa. Liache libembee kwa pembe ndogo likiwa na gololi ndani, pima muda T wa kwenda na kurudi mara moja kwa kuhesabu mizunguko mingi na kugawanya, kama Robins mwenyewe alivyofanya. Pima pia umbali R kutoka kwenye ekseli hadi kitovu cha uzito, kwa kulifungua pendulamu na kulisawazisha juu ya ukingo mwembamba. Ukiunganisha momenta ya mzunguko na nishati ya kupanda, I inajiondoa na unabaki na:

v = (M + m) g R T sin(θ ÷ 2) ÷ (π m d)

Hapa θ ni pembe kubwa kabisa ya mbembeo, na T na R ni za pendulamu likiwa na gololi. Ijaribu kwa kuweka R na d kuwa L, na T kuwa 2π√(L ÷ g), na utaona inarudi kuwa hesabu yetu ya kamba nne. Kisha, ukiwa na kifaa hicho mkononi, piga mara kadhaa kwa kubadilisha kimo cha pigo. Pembe itabadilika, lakini v inapaswa kubaki ileile. Ikipanda na kushuka kulingana na mahali gololi ilipotua, kagua kwanza kama d uliyoiandika inaanzia kwenye ekseli na inaishia pale gololi iliponasa, si kwenye kitovu cha uzito.